Saa Tatu ya Bujumbura: Lengo, Ratiba na Matangazo katika Maneno ya Kufungulia Warsha ya Siku Moja

Ikisiri

Maneno ya ukaribisho yanayofungua warsha ya watumishi huchukuliwa kuwa sehemu ya itifaki, na kwa hiyo hayachunguzwi sana kiisimu. Makala haya yanaeleza kwamba sehemu yake isiyo na fahari, yaani ratiba na matangazo ya utaratibu, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa maana. Kwa kutumia mfano wa warsha ya siku moja mjini Bujumbura, yanaonyesha namna hesabu ya saa ya Kiswahili inavyogongana na saa zilizochapishwa kwa mtindo wa Kifaransa na Kiingereza, na namna mgongano huo unavyoweza kuondolewa.

Utangulizi

Bujumbura ni mji ambamo ufunguzi wa warsha hauwezi kuwa wa lugha moja. Kirundi ni lugha ya taifa na lugha rasmi, Kifaransa ni lugha rasmi ya muda mrefu, na sheria ya mwaka 2014 iliongeza Kiingereza. Kiswahili kina wazawa wake katika mitaa kama Buyenzi, hutumika sokoni na bandarini, na hufundishwa shuleni. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kimepata pia nafasi katika shughuli za kikanda, kwa kuwa Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inaagiza kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Makao makuu ya Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki yako katika mji huo.

Katika mazingira hayo, mshehereshaji huweza kusalimu kwa Kirundi, akasema “Mwaramutse”, akamtambulisha mgeni rasmi kwa Kifaransa, kisha akageukia Kiswahili ili wote wamwelewe. Mara nyingi zamu ya Kiswahili huja pale anapoeleza watu wafanye nini, wapi na saa ngapi. Kosa la salamu husameheka, lakini kosa la maelekezo humpotezea mtumishi kipindi, chakula au nauli yake.

Mfano wa warsha

Chukulia warsha ya siku moja ya watumishi wa masijala na mapokezi wa taasisi ya kikanda. Wengi wanatoka Bujumbura, wachache wamevuka mpaka kutoka Uvira, wawili wamekuja kutoka Kigoma, na wengine wanaifuata kwa njia ya video wakiwa Zanzibar. Ratiba iliyochapishwa kwa Kifaransa ina mistari minne: kuanza 9h00, chai 10h30, chakula 13h00, kufunga 16h00. Mtu amepewa kazi ya kuitafsiri kwa Kiswahili, na mshehereshaji ataisoma mbele ya ukumbi.

Lengo la warsha hutajwa kabla ya ratiba. Hapa kishazi kilichozoeleka ni “kuwajengea uwezo watumishi”. Kishazi hiki hakimtaji mtendaji wala kazi itakayofanyika, hivyo jioni hakuna awezaye kusema kama lengo limefikiwa. Kauli kama “ifikapo jioni, kila mtumishi wa masijala ataweza kusajili barua iliyoandikwa kwa lugha yoyote kati ya nne kwa kutumia daftari moja” ina mtendaji, kitenzi na kipimo. Pia inaipa ratiba sababu, kwa maana msikilizaji anajua ni kipindi gani kitamfikisha kwenye uwezo huo, na hivyo ni kipindi gani hapaswi kukikosa. Ndiyo maana saa ya kila kipindi inapaswa kueleweka bila shaka.

Saa mbili katika karatasi moja

Kiswahili huanza kuhesabu saa machweo na macheo, si usiku wa manane wala adhuhuri. 9h00 ni saa tatu asubuhi, na 16h00 ni saa kumi jioni. Tofauti ni saa sita daima, na kila mzungumzaji hulijua hilo. Tatizo huzuka pale mfasiri anapobadili maneno na kuziacha tarakimu. “9h00” ikawa “saa 9:00”, na “10h30” ikawa “saa 10:30”. Kwa msomaji wa Kiswahili, hizo ni saa tisa na saa kumi na nusu.

Kosa hili ni hatari hasa kwa warsha ya siku moja kwa sababu siku ya kazi ina takriban saa tisa, na tofauti ya saa sita inaingia ndani yake. Saa iliyosomwa vibaya haiangukii usiku, ambako ingejifichua yenyewe. Inaangukia saa nyingine ya kazi inayowezekana kabisa. 8h00 husomeka kama saa nane mchana, 9h00 kama saa tisa alasiri, 10h00 kama saa kumi, na 11h00 kama saa kumi na moja. Mtumishi aliyeambiwa kwamba kikundi chake kitawasilisha “saa 10:00” anaweza kukaa akisubiri jioni huku zamu yake ikipita asubuhi.

Saa za mchana zilizoandikwa kwa mtindo wa saa 24 hazina hatari hiyo. 13h00 au 16h00 haviwezi kusomwa kwa Kiswahili kama vilivyo, kwa kuwa hakuna saa kumi na tatu wala saa kumi na sita. Msomaji analazimika kusimama na kuhesabu. Kwa hiyo mhakiki wa ratiba aelekeze macho yake kwenye mistari ya kabla ya adhuhuri.

Kiswahili kina kinga yake, nayo ni jina la sehemu ya siku. “Saa 9:00 asubuhi” ni maneno yanayokanushana, kwa sababu saa tisa ni ya alasiri au ya usiku. Mfasiri aliyekosea lakini akaandika “asubuhi” ameacha alama ya kosa lake, na msomaji makini ataliona. Mfasiri aliyeandika “saa 9:00” pekee hakuacha alama yoyote. Hivyo maneno asubuhi, mchana, alasiri na jioni si pambo katika ratiba. Ndiyo yanayomwezesha msomaji kuikagua tarakimu.

Kigoma, Zanzibar na saa ya jina la kikanda

Hata saa ikishatafsiriwa vizuri, linabaki swali la mahali. Burundi hufuata saa za Afrika ya Kati, sawa na Rwanda, Sudani Kusini na mashariki mwa Kongo. Tanzania, Kenya na Uganda hufuata saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele kwa saa moja. Wageni wa Uvira hawana la kubadili. Wageni wa Kigoma wanalo, ingawa wanaishi kando ya ziwa lilelile na jua huwachomoza karibu wakati uleule. Bujumbura jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, kama hesabu ya Kiswahili inavyotazamia. Kigoma huchomoza karibu na saa moja. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe zikipata mtandao wa nchi mpya, lakini saa ya mkononi haijirekebishi.

Kwa waliopo Zanzibar, tangazo “tunaanza saa tatu asubuhi” lina maana mbili. Wakilifuata kwa saa yao, watafungua video wakati Bujumbura ni saa mbili, na kusubiri mbele ya kioo kitupu kwa saa nzima. Mkutano ukiandaliwa Zanzibar na kufuatwa kutoka Bujumbura, hasara ni kubwa zaidi: Warundi watafika saa moja baada ya kuanza, lengo na maelekezo yakiwa yamekwisha kutolewa.

Kuongeza “saa za Afrika Mashariki” kwenye mwaliko hakumalizi shaka. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mtumishi wa Bujumbura anaweza kwa haki kabisa kudhani kwamba maneno hayo yanamhusu. Jina la mji ni salama kuliko jina la kanda: “saa tatu kamili asubuhi, saa za Bujumbura, yaani saa nne kamili, saa za Zanzibar”.

Muda, fedha na mtendaji

Matangazo ya utaratibu yana utata mwingine wa saa. “Mapumziko ya chakula ni saa moja” inaweza kueleweka kuwa muda au wakati. Baadhi ya wazungumzaji huutenganisha kwa kutumia “masaa” kwa muda na “saa” kwa wakati, umbo ambalo walimu wengi wa sarufi hulikataa. Asiyetaka kuingia katika mjadala huo anaweza kusema “mapumziko yatachukua muda wa saa moja, tutarudi ukumbini saa nane kamili mchana”. Kutaja wakati wa kurudi ndilo jambo la msingi, kwa sababu mapumziko yakichelewa kuanza, “muda wa saa moja” hauna tena mwisho unaojulikana.

Kuhusu fedha, kauli ya kawaida ni “masuala ya nauli yatashughulikiwa”. Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji, na neno “masuala” limekificha kitendo. Mtumishi wa ngazi ya chini, ambaye pengine ametoa nauli ya kuvuka mpaka mfukoni mwake, hajui amfuate nani, na hadhara yenye mgeni rasmi si mahali atakapothubutu kuuliza. Tangazo linalotosha lina mambo manne: anayelipa, mahali, wakati na sarafu. Sarafu haipaswi kuachwa, kwa maana “faranga” ni jina la fedha ya Burundi, ya Rwanda na ya Kongo pia. Nauli na posho nazo zitajwe mbalimbali, kwani ya kwanza hurejesha gharama iliyokwisha kutolewa, na ya pili hugharimia siku yenyewe.

Hitimisho

Kwa warsha ya mfano, mshehereshaji angeweza kusema hivi: “Kwa saa za Bujumbura, tunaanza sasa, saa tatu kamili asubuhi. Chai ni saa nne na nusu asubuhi. Chakula ni saa saba mchana, na tutarudi saa nane kamili mchana. Tutafunga saa kumi kamili jioni. Walio Zanzibar, ongezeni saa moja kwa kila wakati nilioutaja. Mhasibu atarejesha nauli kwa faranga za Burundi, kwenye meza iliyo mlangoni, kuanzia saa saba na nusu hadi saa nane mchana.” Maneno haya husomwa kwa muda usiozidi dakika moja.

Taasisi za kikanda zinazotaka Kiswahili kiwe lugha ya kazi zinaweza kuanza na hatua mbili. Ya kwanza ni kuchapisha ratiba ya Kiswahili yenye saa ya Kiswahili, jina la sehemu ya siku na jina la mji, huku saa ya mtindo wa 24 ikiwekwa kando yake kwa ulinganisho. Ya pili ni kumpa mshehereshaji karatasi hiyo ya Kiswahili aisome, badala ya kumwachia atafsiri ratiba ya Kifaransa akiwa amesimama mbele ya watu.