Kujua Baki Bila Kugawanya

Ukitaka kujua kama 4572 inagawanyika kwa 9 bila kubakiza kitu, huna haja ya kugawanya. Jumlisha tarakimu zake: 4 + 5 + 7 + 2 ni 18, na 18 inagawanyika kwa 9, basi na 4572 inagawanyika. Watoto wa shule ya msingi wanaijua mbinu hii na wanaitumia vizuri. Jambo ambalo mara nyingi hawaelezwi ni kwa nini jumla ya tarakimu iwe na habari zozote kuhusu 9. Sababu imo katika aljebra, kwenye kanuni ambayo wengi huikuta sekondari na kuikariri bila kujua kwamba wamekuwa wakiitumia tangu utotoni. Hiyo ndiyo kanuni ya baki.

Tuanze na polinomia yenyewe. Namba 4572 ni elfu nne, mia tano, makumi saba na mbili, yaani 4 × 10³ + 5 × 10² + 7 × 10 + 2. Weka x mahali pa 10, utapata 4x³ + 5x² + 7x + 2. Hiyo ni polinomia: vipande vilivyojumlishwa, kila kimoja kikiwa ni namba iliyozidishwa na kipeo cha x. Tofauti na namba za kawaida ni kwamba hapa x inaweza kuwa chochote, na namba zilizotangulia x zinaweza kuwa hasi, au kubwa kuliko 9, na hakuna kubeba wala kukopa. Kwa hiyo kugawanya polinomia ni kugawanya kule kule kwa kushusha tarakimu tulikofundishwa darasani, tena kwepesi zaidi.

Nitatumia polinomia moja tu hadi mwisho wa maelezo: 2x³ − 7x² + 9. Tuigawanye kwa x − 2.

Kabla ya kuandika chochote, angalia vipeo. Kuna x³, kuna x², kisha tunaruka hadi namba tupu. Kipande cha x hakipo. Katika namba kama 1309 hatuandiki 139 kwa kuwa makumi hayapo. Tunaweka sifuri ili kila tarakimu ibaki mahali pake. Hapa pia tunaandika 0x. Kisha kazi inaenda hivi:

```
              2x² − 3x − 6
x − 2 )  2x³ − 7x² + 0x + 9
         2x³ − 4x²
              −3x² + 0x
              −3x² + 6x
                    −6x + 9
                    −6x + 12
                          −3
```

Kila duru ina swali moja: x izidishwe kwa nini ili tupate kipande cha kwanza kilichobaki? Mwanzoni kipande hicho ni 2x³, kwa hiyo jibu ni 2x², nalo linaandikwa juu. Tunalizidisha 2x² kwa kigawanyo chote, x − 2, tunapata 2x³ − 4x², tunakiandika chini na kukitoa. Kipande cha x³ kinatoweka, kama kilivyokusudiwa kutoweka. Cha x² kinahitaji uangalifu: −7x² kutoa −4x² ni −7x² kuongeza 4x², yaani −3x². Tunashusha 0x na kuanza upya. Mara hii jibu ni −3x, kisha −6, na mwisho inabaki −3.

Tunasimama hapo kwa sababu −3 haina x tena. Katika namba tunaacha kugawanya pale baki linapokuwa dogo kuliko kigawanyo. Katika polinomia tunaacha pale kipeo cha juu cha baki kinapokuwa chini ya kipeo cha juu cha kigawanyo. Kigawanyo chetu kina x yenye kipeo cha kwanza tu, kwa hiyo baki halina budi kuwa namba tupu. Jambo hili dogo ndilo linaloibeba kanuni nzima, na nashangaa mara ngapi linapitwa haraka.

Sasa andika tulichopata kama usawa:

2x³ − 7x² + 9 = (x − 2)(2x² − 3x − 6) − 3

Usawa huu ni kweli kwa kila thamani ya x. Basi tuchague thamani inayotufaa zaidi, yaani ile inayoifanya x − 2 iwe sifuri. Thamani hiyo ni 2. Upande wa kulia, mabano ya kwanza yanakuwa sifuri, na chochote kilichomo kwenye mabano ya pili kinazidishwa kwa sifuri na kupotea. Inabaki −3 peke yake. Upande wa kushoto tunapata 2 × 8 − 7 × 4 + 9, yaani 16 − 28 + 9, ambayo ni −3. Baki limejitokeza bila kugawanya.

Hapakuwa na kitu maalumu kuhusu 2. Polinomia yoyote ikigawanywa kwa x − a, baki ni ile namba unayoipata ukiweka a mahali pa x. Hiyo ndiyo kanuni ya baki, na hoja uliyoisoma sasa hivi ndiyo uthibitisho wake wote.

Turudi kwenye tarakimu. Polinomia 4x³ + 5x² + 7x + 2 ikigawanywa kwa x − 1, baki lake ni thamani yake pale x ikiwa 1, na 1 kwa kipeo chochote ni 1, kwa hiyo baki ni 4 + 5 + 7 + 2. Sasa weka 10 mahali pa x: x − 1 inakuwa 9, polinomia inakuwa 4572, na baki ni jumla ya tarakimu, 18. Kwa kuwa 18 yenyewe ni 9 mara mbili, hakuna kinachobaki. Kanuni ya 11, ile ya kujumlisha na kutoa tarakimu kwa kupokezana, inatoka hapo hapo: 11 ni x + 1, na thamani ya kuweka ni −1.

Matumizi makubwa ya kanuni hii ni kutafuta vigawo. Baki likiwa sifuri, x − a inaingia kwenye polinomia kikamilifu, yaani ni kigawo chake. Likiwa lolote jingine, si kigawo. Mwaka 1637, Descartes aliandika katika kitabu chake cha jiometria kwamba mlinganyo wenye jibu fulani hugawanyika kwa x kutoa jibu hilo. Zaidi ya miaka 400 kabla yake, as-Samaw'al wa Baghdad alikuwa akigawanya polinomia kwa kupanga namba zake kwenye jedwali, safu kwa safu, kwa njia inayofanana sana na yetu.

Lakini tujaribu namba zipi? Ikiwa polinomia ina namba nzima tupu na tunatafuta a iliyo namba nzima, basi a lazima igawanye namba ya mwisho. Sababu inaonekana ukiweka a: vipande vyote vyenye x vinakuwa vizidisho vya a, na ili jumla iwe sifuri, kipande cha mwisho nacho hakina budi kuwa kizidisho cha a. Namba yetu ya mwisho ni 9, kwa hiyo wagombea ni 1, 3 na 9, pamoja na hasi zao. Kumbe 2 haikuwa na nafasi tangu mwanzo.

Kwa 1 tunapata 2 − 7 + 9 = 4. Si kigawo. Kwa −1 tunapata −2 − 7 + 9 = 0. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: thamani iliyotoa sifuri ni −1, kwa hiyo kigawo ni x + 1, wala si x − 1. Usikariri ishara. Jiulize tu ni thamani gani inayoyafanya mabano yawe sifuri.

Kanuni imetuambia kwamba x + 1 ni kigawo, ila haikutuambia kinachobaki baada ya kukitoa. Kwa hilo tunarudi kwenye mgawanyo mrefu, na jibu ni 2x² − 9x + 9, bila baki. Hiyo nayo inavunjika kuwa (2x − 3)(x − 3). Hivyo 2x³ − 7x² + 9 ni (x + 1)(2x − 3)(x − 3).

Kigawo cha kati kinastahili kutazamwa. Kipimo cha 2x − 3 si 3, ni 3/2, kwa sababu hapo ndipo 2x − 3 inapokuwa sifuri. Weka 3/2 na utapata 27/4 − 63/4 + 36/4, ambayo ni sifuri. Aliyejaribu namba nzima peke yake asingekiona kigawo hiki. Na kigawanyo kikiwa na x², kama x² + 1, baki linaweza kuwa na x ndani yake, na hakuna namba ya kawaida inayokifanya kiwe sifuri. Hapo gawanya tu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuisahau ile 0x. Mwanafunzi anayegawanya kwa x − 2 bila kuiandika huiweka 9 kwenye safu ya x, kisha anatoa 6x kwenye 9 na kuandika 3x, vitu viwili visivyo vya aina moja. Anaishia na jibu 2x² − 3x + 3, baki 6. Karatasi inaonekana safi kabisa. Ila akiweka 2 kwenye polinomia ya mwanzo anapata −3, na hapo anajua kwamba mgawanyo umeharibika mahali.

Njia nyingine ya kujikagua ni kuweka 10. Polinomia yetu inakuwa 2000 − 700 + 9, yaani 1309, na vigawo vyake vinakuwa 11, 17 na 7. Zidisha: 11 × 17 ni 187, mara 7 ni 1309. Kwa mgawanyo wa x − 2, kigawanyo ni 8 na jibu ni 200 − 30 − 6 = 164; 8 × 164 ni 1312, toa 3, unapata 1309. Usawa wa kweli haukosi kusimama kwenye 10, na majibu mengi yenye kosa huanguka hapo hapo.

Chukua sasa x³ − 7x + 6 ufanye mwenyewe. Weka 0x² mahali pake, jaribu namba zinazogawanya 6, chanya na hasi, na usiache kujaribu ukishapata cha kwanza. Vigawo viko vitatu, na kimoja kina alama ya kujumlisha.