Kete ya tano: ukingo wa Othello unapofungua kona

Katika Othello kila kete inaweza kugeuzwa rangi hata mara kumi kabla mchezo haujaisha, isipokuwa ile iliyokaa kwenye kona. Kona haibanwi kutoka upande wowote, na kete zinazojishikiza nayo kwenye ukingo nazo hupata usalama wake. Ndiyo maana wachezaji hukimbilia kingo za ubao wakidhani wanajenga njia ya kuifikia kona. Mara nyingi wanamjengea mpinzani.

Mchezo huu una mzee wake, Reversi, uliochezwa Uingereza tangu miaka ya 1880. Sura yake ya sasa ilitoka Japani mwaka 1973, ulipotangazwa na Goro Hasegawa na kuuzwa na kampuni ya Tsukuda, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1977. Ubao una miraba 64. Safu za kwenda chini huitwa a hadi h, kuanzia kushoto. Za mlalo huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia juu. Kwa hiyo ukingo wa juu unaanza na kona a1 na kuishia kona h1. Mraba unaopakana na kona kwenye ukingo, kama b1 au g1, wachezaji wameupa herufi C. Ule wa mshazari, kama g2, ni X. Ili uweke kete ni lazima ubane kete moja au zaidi za mpinzani kati ya ile unayoweka na nyingine yako, kwenye mstari ulionyooka, kisha zilizobanwa zigeuke rangi yako.

Kuna jambo moja ambalo likikukaa kichwani, mengine yote yatafuata. Kete iliyo ukingoni inaweza kugeuzwa kwa mstari wa ukingo huo peke yake. Kwa juu haina jirani, kwa hiyo hakuna wa kuibana kwa wima wala kwa mshazari. Hesabu ya ukingo, basi, ni hesabu ya mstari mmoja wa miraba minane.

Hatari ya kwanza huonekana kwa macho. Ukiwa na kete nyeusi b1, c1 na d1, na e1 ni nyeupe, Mweupe anaweka a1 papo hapo na kukubana. Kwa hiyo kabla ya kugusa mraba wa C, fuata kete zako kutoka hapo hadi zinapoishia: zikiishia kwenye kete ya mpinzani, kona imeondoka. Angalia pia hatua yako inageuza nini ndani ya ubao. Kuweka b1 kunaweza kugeuza b2 ikawa nyeusi, na kama c3 ni nyeupe, Mweupe ataingia a1 kwa mshazari hata kama safu ya juu haina kosa lolote. Watu wengi hukagua ukingo vizuri kabisa na kusahau mshazari huo.

Hatari ya pili imejificha, na hiyo ndiyo inayowapotezea michezo hata watu waliozoea. Tuseme wewe ni Mweusi na una kete nne katikati ya ukingo wa juu: c1, d1, e1 na f1. Miraba b1 na g1 iko wazi, kona zote mbili ziko wazi, na nafasi inapatikana ya kuweka b1. Hakuna kete nyeupe kwenye safu hiyo, Mweupe hawezi kuingia a1 sasa hivi, na b2 haina kitu. Inaonekana ni hatua ya bure. Je, uichukue?

Ukiichukua unakuwa na kete tano, b1 hadi f1, na pengo la mraba mmoja, g1, kabla ya kona ya h1. Sasa tazama pembeni kulia. Tuseme g3 ni nyeupe, g4 haina kitu, f2 ni nyeusi, e2 ni nyeupe, na mshazari kutoka f3 kushuka hadi c6 ni mweusi mtupu, nayo b7 iko wazi. Mshazari mwingine, unaoshuka kutoka g1, hauna kete nyeusi chini ya f2. Mweupe anaweka g2, kwenye mraba wa X, na kugeuza f2. Mchezaji mpya hushangilia, kwa sababu amefunguliwa h1. Anaichukua kweli: h1 inabana g2 dhidi ya f3, na g2 inageuka nyeusi.

Hapo Mweupe anaweka g1. Anaruhusiwa, kwa kuwa kwenye safu ya kwenda chini g2 ni nyeusi na g3 ni nyeupe. Kete hiyo ya g1 sasa imekaa kati ya f1 yako na h1 yako, na huna namna ya kuigeuza tena. Kugeuza hutokana na kete mpya inayowekwa, na pande zake zote mbili zimekwisha jaa. Imekuwa kabari. Kinachobaki kwa Mweupe ni kuweka a1 atakapopenda: b1 hadi f1 zimebanwa kati ya a1 na g1, zinageuka zote tano, na ukingo unakuwa na kete saba nyeupe zisizogeuzika. Wewe umebaki na h1. Kuiacha h1 bila kuichukua kunachelewesha tu mambo, maana Mweupe amekwisha pata hatua ya ziada kwa g2, na hatua zako nyingine zikiisha utalazimika kuichukua.

Sasa rudisha kete ya b1 mfukoni na ucheze mfululizo uleule ukiwa na zile nne. Mweupe g2, wewe h1, Mweupe g1. Kabari ipo, lakini a1 haimfai, kwa sababu b1 iko wazi na mstari umekatika. Ili akubane lazima kwanza aweke b1 yeye mwenyewe, na akifanya hivyo safu yote kutoka b1 hadi g1 inakuwa nyeupe, imeelekezewa h1 yako. Unaweka a1 na kuchukua ukingo mzima. Kete moja tu ndiyo iliyotofautisha hasara na faida. Sita, b1 hadi g1, nazo zinahimili mtego huu, kwa kuwa Mweupe hana pengo la kupenyeza kabari. Udhaifu wao ni kwamba mpinzani akipata kona moja kwa njia nyingine, mara nyingi huipata na ya pili.

Si kwamba tano hazichukuliwi kamwe. Mtego unahitaji vitu viwili: Mweupe awe na ruhusa ya kuweka g2, na baada ya wewe kuingia h1 awe bado na njia ya kuingia g1. Njia hiyo ni ama safu ya g kushuka chini, ama mshazari wa g1, f2, e3. Mstari wowote kati ya hiyo miwili ukimfaa, kabari inaingia. Yote miwili ikiwa haina kete nyeupe ya kubania, b1 ni hatua nzuri, na inaweza kukuokoa wakati huna pengine pa kucheza. Ila ikague upya kila Mweupe anapocheza upande ule wa kulia, kwa sababu kete moja nyeupe ikitua g3 au e3 inatosha kuifungua njia ambayo ilikuwa imefungwa.