Kichwa cha Video: Lini Ukibadilishe, Lini Ukiache

Video ikikosa watazamaji, lawama ya kwanza huenda kwa kichwa. Mwenye chaneli anafungua YouTube Studio wiki moja baada ya kuipandisha, anakuta waliotazama ni wachache, na kabla hajamaliza kikombe cha chai kichwa kimeshaandikwa upya. Idadi ya waliotazama haiwezi kumwambia kama alifanya sawa. Zipo takwimu mbili nyingine zinazoweza, ila ni lazima zisomwe pamoja, na mara nyingi humalizia kwa kusema kichwa hakina kosa.

Ya kwanza ni asilimia ya waliobofya, ambayo watu wa kazi hii huiita CTR. YouTube huhesabu kwamba video imeonyeshwa pale kijipicha chake kinapokaa kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja, huku angalau nusu yake ikionekana. Katika kila mara 100 za kuonyeshwa hivyo, ni mara ngapi mtu aliibofya? Jibu ndilo asilimia hiyo. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote huangukia kati ya asilimia 2 na 10. Kumbuka kwamba kiungo ulichokituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakimo katika hesabu hii. Shangazi zako wote wakiitazama video, idadi ya watazamaji itapanda, lakini asilimia ya waliobofya haitasogea.

Takwimu ya pili ni mchoro wa kubaki kwa watazamaji. Mstari unaanzia juu, video inapoanza, kisha unashuka kadiri watu wanavyoondoka. Sehemu ya kutazamwa zaidi ni sekunde 30 za mwanzo, na Studio hukuandikia kabisa ni asilimia ngapi walikuwa bado wapo zilipokwisha. Huo ndio muda ambao mtu anapima kile alichoahidiwa na kichwa dhidi ya kile anachokiona.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chaneli ya ufugaji imetoa video ya dakika 8 yenye kichwa “Ufugaji wa Kuku Sehemu ya 7”. Imeonyeshwa mara 12,000 na kubofywa mara 252, yaani asilimia 2.1, wakati video zake nyingine za aina hiyo hupata kama 5. Lakini kwenye sekunde ya 30 bado wapo watu 74 katika kila 100, ilhali kawaida ya chaneli ni 60. Hapa kichwa kina hatia bila ubishi. Walioingia wamekuta kitu chenye manufaa. Waliopita nje hawakujua kipo. Na hebu kisome kichwa chenyewe: mgeni anaambiwa amekosa sehemu sita, halafu haambiwi ya saba inahusu nini. Ndani ya video mfugaji anaeleza kwa nini kuku huacha kutaga na nini cha kukagua kwanza. Basi na iandikwe hivyo: “Kuku Wameacha Kutaga? Kagua Mwanga, Maji na Chakula”. YouTube inaruhusu herufi 100, lakini kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, ndiyo maana shida ya mfugaji imetangulia.

Sasa geuza tarakimu. Chaneli hiyohiyo inatoa “Kuku Mmoja, Mayai Mawili Kila Siku!” na waliobofya wanafika asilimia 9. Mwenye chaneli anashangilia. Mchoro unaonyesha kwamba kwenye sekunde ya 30 wamebaki 31 tu katika kila 100. Kila mfugaji anajua sababu: yai moja huchukua takriban saa 25 kuundwa tumboni mwa kuku, na mtu akigundua anadanganywa hasubiri maelezo. Kichwa hiki nacho kiandikwe upya, ingawa ndicho kinachobofywa kuliko vyote. Piga hesabu. Katika kila mara 10,000 za kuonyeshwa, wanaingia 900 na wanaobaki baada ya sekunde 30 ni 279. Kichwa cha kweli kinachobofywa kwa asilimia 5 kingeleta 500 tu. Lakini wakibaki 65 katika kila 100, hao ni 325. Tena tangu mwaka 2012 YouTube, katika kupendekeza video, imekuwa ikiupa muda wa kutazama uzito kuliko idadi ya mibofyo. Kwa hiyo asilimia ya waliobofya ikishuka baada ya marekebisho kama haya, usiogope.

Hali inayowachanganya wengi ni ya tatu. Wanaobofya ni wengi, mstari unaporomoka mwanzoni, na mwenye chaneli anahitimisha kwamba kichwa kimeahidi kupita kiasi. Kabla ya kukigusa, fuata mstari hadi mbele. Kama kwenye dakika ya 2 na sekunde 40 unainuka na kutengeneza kilima, maana yake watu wanaruka kwenda hapo, au wanarudi kupaona tena. Cheza video hapo usikilize. Ukikuta ndipo kile kilichoahidiwa na kichwa kinapotolewa, kichwa ni sahihi. Kinachowafukuza watu ni wimbo wa ufunguzi, salamu ndefu na maombi ya kufuatwa yaliyojaza dakika mbili za kwanza. Kihariri cha Studio kinakuwezesha kuukata mwanzo huo huku kiungo na idadi ya watazamaji vikibaki vilevile. Kubadilisha kichwa hapa ni kumtibu asiyeumwa.

Kuna pia mitego ya kuhesabu. Video iliyoonyeshwa mara 300 na kubofywa mara 3 ina asilimia 1. Wakibofya watatu zaidi, imekuwa 2. Huwezi kuhukumu lolote hapo. Hata kwenye mara 1,000, asilimia 4 unayoiona inaweza kuwa karibu 3 au karibu 5 kwa bahati tu. Mtego mwingine ni kushuka kwa siku za mwanzo. Siku ya kwanza video huonyeshwa zaidi wafuasi wako, wanaokujua, na asilimia inaweza kuwa 8. YouTube ikiridhika inaipeleka kwa wageni kwenye ukurasa wa mwanzo, na asilimia inashuka hadi 3. Kama mara 900 za kuonyeshwa zimegeuka 20,000, basi mibofyo 72 imekuwa 600. Nimeona watu wakibadilisha kichwa siku hiyohiyo video inapoanza kupaa.

Ukishaamua kubadilisha, badilisha kichwa peke yake na ukiache kijipicha; ukivigusa vyote viwili siku moja hutajua kilichosaidia ni kipi. Andika tarehe. Kisha linganisha chanzo kwa chanzo, ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa mwanzo, kwa sababu anayetafuta “kuku kuacha kutaga” hubofya kwa urahisi kuliko anayepitisha kidole tu. Na kabla ya yote hayo, tazama kama watazamaji wengi wa video hiyo wanatoka kwenye utafutaji. Kama ndivyo, Studio itakuonyesha maneno waliyoandika. Hayo yabakize kwenye kichwa kipya kama yalivyo, hata kama unayaona hayana mvuto, kwa kuwa ndiyo yanayowaleta.