Fuata Maji

Msomaji wa shairi refu la T. S. Eliot juu ya nchi kame, lililotoka mwaka 1922, hupotea upesi: msemaji hubadilika bila taarifa, na jiji la London linageuka jangwa. Usitafute kisa. Shika kitu kimoja kinachojirudia, tuseme maji, ukifuate. Katika sehemu ya kwanza, mpiga ramli wa karata anamtahadharisha mteja wake na kifo cha majini. Katika ya nne, fupi kuliko zote, baharia Mfinisia amekwisha kuzama. Ya tano ni mawe matupu, kiu na ngurumo za radi. Kumbe maji yaleyale yanayoua ndiyo yanayongojewa! Vipande visivyoingia kwenye uzi huo mimi huviacha, nikavirudia baadaye kwa uzi mwingine, labda sauti za wanawake.