Oda Ndizo Zinazopanga Hatua za Ghala

Kazi inayomchosha zaidi mkusanyaji wa ghalani ni kutembea. Tuseme duka la mtandaoni limepata oda 40, kila moja ya bidhaa moja au mbili, na safari ya rafuni na kurudi mezani ni wastani wa mita 150. Akikusanya oda moja moja, atatembea kilomita 6. Akipewa toroli lenye vyumba 20, chumba kimoja kwa kila oda, atamaliza kwa mizunguko miwili. Mzunguko ukiwa wa mita 400, hizo ni mita 800 tu.

Huko ndiko kukusanya kwa mafungu. Hatari yake iko kwenye vyumba: bidhaa ikitumbukizwa chumba kisicho chake, mteja mmoja hupungukiwa na mwingine hupata ziada. Malalamiko yakija mawili mawili kutoka toroli moja, msimamizi asihangaike na rafu. Akague namba za vyumba.

Oda za zahanati ni habari nyingine kabisa. Bohari ya Dawa ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, huhudumia vituo ambavyo oda moja inaweza kuwa na makumi ya aina za bidhaa. Oda mbili tatu za namna hiyo hujaza toroli, na faida ya mafungu huishia hapo. Tena bidhaa zenyewe hazikai pamoja: oksitosini huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, mofini hufungiwa kwa kufuli, na maboksi ya glavu hupangwa penye nafasi kubwa.

Kwa oda kama hizo, kanda hufaa zaidi. Kila mkusanyaji hubaki kwenye eneo lake na kulijua vizuri, kisha sehemu za oda huunganishwa mwishoni. Foleni ya masanduku ikionekana kwenye kanda moja huku jirani wakisubiri kazi, mgawanyo umekosewa. Dawa zinazotoka sana zihamishiwe kanda nyingine, au mpaka usogezwe.

Mawimbi hayashindani na njia hizo mbili, kwa kuwa yenyewe hupanga saa. Lori la njia fulani likiondoka saa 8 mchana, oda za vituo vya njia hiyo huachiliwa pamoja saa 3 asubuhi, zikusanywe kwa mafungu au kwa kanda. Udhaifu wake huonekana mwishoni mwa wimbi: wengi wamemaliza, wanamsubiri mmoja, kisha meza za kufungasha zinafurika kwa mpigo. Pasipo na saa maalumu ya lori, sioni sababu ya kuubeba mzigo huo.

Kabla ya kuchagua, meneja achukue oda za mwezi mzima na kuhesabu kila moja ina aina ngapi za bidhaa. Zenye aina moja azitenge kwanza: hukusanywa kwa fungu kubwa na kwenda moja kwa moja kufungashwa, bila kuchambuliwa.