Picha Ni za Nani Deni Lisipolipwa?

Wapigapicha wengi nchini Kenya huamini kwamba picha ni zao hadi mteja alipe. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinachukulia kwamba hakimiliki ya kazi ya kuagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Bila makubaliano hayo, mteja akikataa kulipa, mpigapicha hubaki anadai fedha tu.

Tuchukue mfano wa hoteli ya Diani inayotaka picha 20. Kupiga picha siku moja ni shilingi 40,000, na kuzihariri ni 20,000. Kwa kawaida kazi hiyo hukabidhiwa baada ya siku saba, lakini hoteli inaitaka kwa siku mbili. Mpigapicha anaongeza ada ya haraka ya asilimia 25, yaani shilingi 15,000. Asilimia hiyo anaitoza kwenye kazi ya mikono pekee, kwa sababu kinachoharakishwa ni kazi, si haki ya kutumia picha. Anaandika pia siku na saa ya kukabidhi. Akichelewa kwa kosa lake, ada hiyo inafutwa.

Kisha zinafuata haki zenyewe. Picha 15 hoteli itazitumia kwa leseni: kwenye tovuti na kurasa zake za mitandao ya kijamii, kwa mwaka mmoja, shilingi 30,000. Ikitaka kuziweka kwenye bango la barabarani, itabidi wapatane upya. Picha tano zilizobaki inataka kuzimiliki kabisa, izitumie popote na wakati wowote. Hizo ni 45,000 zaidi. Jumla ni shilingi 150,000, na nusu yake inalipwa kabla ya kazi kuanza.

Sharti linalobeba yote haya ni fupi: hakimiliki inabaki kwa mpigapicha; leseni inaanza, na umiliki wa picha tano unahama, siku malipo yote yatakapokamilika. Hoteli ikilipa nusu kisha ikazitundika picha mtandaoni, sasa haidaiwi fedha peke yake. Imekiuka hakimiliki, na mpigapicha ana haki ya kudai picha ziondolewe.

Hata hivyo, sharti hilo likionekana kwa mara ya kwanza kwenye ankara baada ya kazi kwisha, mteja ataweza kusema hakulikubali. Kwa hiyo liandikwe kwenye makadirio ya bei, pande zote mbili zitie saini kabla kamera haijatoka begini, na ankara ilirudie neno kwa neno. Malipo yakikamilika, mpigapicha naye aitimize ahadi yake: kifungu cha 33 kinataka uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi yenye saini ya anayeihamisha. Barua ya ukurasa mmoja inayozitaja picha hizo tano inatosha.