Nakala Tatu za Kazi Moja

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab alikuwa bado kazini. GitLab ni kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, na hifadhidata yake ilikaa kwenye seva mbili: ya kwanza ikipokea kazi, ya pili ikinakili kila kilichoingia kwenye ya kwanza. Siku hiyo seva ya pili ilikuwa imeachwa nyuma, na mhandisi akaamua kuisafisha ili ianze kunakili upya. Amri ya kufuta akaitoa kwenye seva ya kwanza. Aliisimamisha baada ya sekunde moja au mbili tu, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama nne na nusu.

Kampuni haikuwa imezembea kuweka bakapu. Kila siku programu ilipangiwa kutoa nakala ya hifadhidata na kuipeleka kwenye hifadhi nyingine mtandaoni. Wahandisi walipokwenda kuichukua, waliikuta hifadhi tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, kwa hiyo kila ilipojaribu ilikwama. Ilikuwa ikituma barua pepe kutoa taarifa kwamba imeshindwa, lakini barua hizo zilikuwa zikikataliwa njiani na hakuna aliyezipata. Njia nyingine ya kunakili diski nzima ilikuwapo pia, ila haikuwahi kuwashwa kwa seva za hifadhidata.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya jaribio lisilohusiana na mkasa huo. Huduma ilirudi siku iliyofuata. Yaliyoandikwa ndani ya zile saa sita, yakiwamo maoni ya watumiaji na akaunti mpya, hayakupatikana tena.

Wengi waliowahi kupoteza data hujiapiza kwamba sasa watakuwa wananakili kila wiki, na baada ya mwezi mmoja wanasahau. Ndiyo maana kazi hii hukabidhiwa mashine. Lakini mkasa wa GitLab unaonyesha kwamba mashine nayo inaweza kuacha kazi kimyakimya, huku mwenyewe akilala usingizi akijua yuko salama. Kwa sababu hiyo nakala moja haitoshi, hata ikiwa inachukuliwa yenyewe.

Kanuni inayofuatwa na wengi ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, na huandikwa kwa tarakimu tatu: 3-2-1. Kazi iwe na nakala tatu, ile ya asili ikiwa imehesabiwa humo. Zikae kwenye vyombo vya aina mbili tofauti. Na moja kati yake iwe mbali na jengo zilimo nyingine. Kila tarakimu inazuia balaa lake. Laptopu ikifa, diski ya pembeni ipo. Vyombo vya aina moja vilivyonunuliwa pamoja huweza kuharibika kwa kasoro moja, kwa hiyo aina zinachanganywa. Na moto au mwizi hachagui: akiingia chumbani huondoka na laptopu na diski iliyo kando yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliokuwa na bakapu, ila bakapu yenyewe ilikuwa kwenye jengo hilohilo.

Tuchukue ofisi ndogo ya uhasibu yenye laptopu moja ya Windows, ambayo faili zake za wateja zimefutika. Hatua ya kwanza ni kuacha kuitumia mashine hiyo. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, faili iliyofutwa hubaki mahali pake hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo kila faili mpya inapunguza uwezekano wa fundi kuiokoa ya zamani. Kwenye diski za kisasa za SSD nafasi huwa finyu zaidi, maana diski yenyewe husafisha eneo hilo mapema.

Kinachofuata ni kupanga. Faili zote za kazi zihamishiwe kwenye folda ya Documents. Si suala la unadhifu tu: File History, programu ya bakapu inayokuja na Windows, hunakili folda za kawaida za mtumiaji kama Documents, Desktop na Pictures. Folda iliyowekwa peke yake kwenye D: hairukiwi kwa bahati mbaya, hairukiwi mara moja moja; haiguswi kabisa mpaka mtu aiongeze. Hapa ndipo ofisi nyingi huumia, kwani wengi wamezoea kuweka kazi zao kwenye D: wakiamini kuna usalama zaidi.

Diski ya nje ikichomekwa, mtu anafungua Control Panel, anaingia File History na kubonyeza Turn on. Tangu hapo programu inanakili kila saa mafaili yaliyobadilika na kutunza matoleo ya zamani. Hesabu iliyoharibiwa leo mchana inaweza kuchukuliwa kama ilivyokuwa asubuhi. Hiyo ni nakala ya pili, kwenye chombo cha aina nyingine.

Diski hiyo isiachwe imechomekwa usiku na mchana. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry vilivyosambaa duniani Mei 2017, hufunga pia faili za diski yoyote vinayoikuta imeunganishwa. Ichomekwe saa za kazi, ichomolewe jioni na kufungiwa kabatini. Isikae kamwe kwenye begi la laptopu.

Nakala ya tatu ni ya mtandaoni. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bure, ambazo barua pepe na picha za akaunti hiyo hugawana. Kikwazo chetu ni bando. Kwa intaneti inayopandisha megabiti mbili kwa sekunde, gigabaiti 40 zitachukua karibu saa 44 mfululizo. Kwa hiyo ofisi ipandishe folda ya wateja tu, na video za harusi zibaki kwenye diski ya nje. Ikumbukwe pia kwamba huduma za aina hii hufuata mabadiliko: faili ikifutwa kwenye laptopu, na huko juu inakwenda kapuni, na baada ya siku 30 inaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo nakala ya mtandaoni haiwezi kuchukua nafasi ya diski inayotunza matoleo ya zamani. Zinahitajika zote mbili.

Mwisho ni kupima. Mara moja kwa mwezi mtu achague faili moja, abonyeze Restore personal files, airudishe kwenye folda nyingine na kuifungua. Afanye hivyo pia kwa nakala ya mtandaoni, akitumia kompyuta nyingine. Faili isipofunguka, basi bakapu hiyo haipo, hata kama taa ya diski inawaka.

Msomaji mwenye laptopu ya Windows afungue File History leo na kutazama maneno Files last copied on. Kando yake pana tarehe. Ikiwa ni ya miezi iliyopita, kazi zote alizofanya tangu siku hiyo zina nakala moja tu.